Usihesabu Umri, Soma Tarehe

Mtu aliyezaliwa tarehe 21 Novemba 2005 alikuwa na umri gani tarehe 12 Oktoba 2023? Wengi hutoa 2005 kwenye 2023, wakapata 18, wakajibu bila wasiwasi. Jibu hilo si sahihi. Mtu huyo alikuwa bado na miaka 17, na zilibaki siku 40 kabla hajatimiza 18. Kwa muuza duka wa Uingereza, siku hizo 40 ndizo zinazotenganisha mauzo halali na kosa la jinai, na kosa hilo linamwangukia yeye aliyepokea pesa, hata kama duka si lake.

Hesabu hii nilifundishwa Leicester, katika duka dogo la barabara ya Narborough. Ni duka la kuuza kila kitu: maziwa, mkate, mchele wa magunia, bia, pombe kali, na nyuma ya kaunta kabati la sigara lenye milango ya kufunika. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Jinja, Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka, familia yake ilikuja Leicester, ingawa halmashauri ya mji ilikuwa imetangaza katika gazeti la Uganda ikiwasihi wasije. Kiswahili chake bado ni kizuri, na mimi niliyetoka Tanga nilifurahi kupata mtu wa kunifundisha kazi kwa lugha yangu. Sikumwita kwa jina. Nilimwita Mzee, naye aliniita kijana.

Kabla hajanionyesha bei ya kitu chochote, Mzee alinionyesha kibao kilichokuwa kimesimama karibu na mashine ya kupokelea pesa, upande wetu sisi wauzaji. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango aliandika juu yake tarehe moja tu: siku ya leo, mwezi wa leo, mwaka wa leo ukipunguzwa 18.

“Kijana,” aliniambia, “usimhesabie mtu miaka. Mtu ana tarehe yake, sisi tuna yetu. Yake ikiwa nyuma ya yetu au sawasawa na yetu, muuzie. Ikiwa mbele, arudi nyumbani.”

Hekima ya kibao kile ni kwamba kutoa kumefanywa mara moja, asubuhi, na mtu aliyetulia. Baada ya hapo hakuna hesabu tena, kuna kulinganisha tu. Unaanza na mwaka. Mwaka ulio kwenye kitambulisho ukiwa mdogo kuliko wa kibao, umemaliza, muuzie. Ukiwa mkubwa, pia umemaliza, mkatalie. Ukiwa sawa ndipo unashuka kwenye mwezi kwa kanuni ileile, na miezi ikilingana unashuka kwenye siku. Turudi kwa kijana wetu. Tarehe 12 Oktoba 2023 kibao kingesema 12 Oktoba 2005. Kitambulisho kinasema 21 Novemba 2005. Mwaka ni sawa, mwezi wa 11 uko mbele ya mwezi wa 10, hauziwi. Huna haja ya kusoma siku.

Ugumu wote umekaa katika ule mwaka mmoja unaolingana na wa kibao. Muuzaji aliyechoka, mwenye foleni ya watu saba usiku wa Ijumaa, huona 2005 na akili yake humwambia “kumi na minane” kabla jicho halijafika kwenye mwezi. Ndiyo maana Mzee alitutaka tuutamke mwezi kwa sauti ndogo kila mwaka unapolingana.

Je, tarehe zikiwa sawasawa kabisa, yaani leo ndiyo siku yake ya kuzaliwa? Unamuuzia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1969 kuhusu masuala ya familia inasema mtu hutimiza umri mwanzoni mwa siku ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwake. Haijalishi alizaliwa saa ngapi. Siku hiyo huanza saa sita kamili ya usiku, na sisi tuliokua pwani, tukisikia wazee wakihesabu siku mpya tangu jua linapozama, inabidi tulikumbuke hilo. Usiku mmoja aliingia binti na marafiki zake muda mfupi kabla ya saa sita, akaweka chupa ya mvinyo juu ya kaunta na pasipoti yake pembeni. Alikuwa anatimiza 18 siku iliyofuata. Nilimwonyesha saa ya ukutani. Walizunguka dukani wakichagua biskuti mpaka saa sita ilipopita, nikabadilisha kibao mbele yao, nikamuuzia. Wenzake waliona nimekuwa mkali bila sababu, lakini kwa sheria mauzo yaleyale, dakika chache kabla, yangekuwa kosa.

Kibao hutatua pia suala la waliozaliwa tarehe 29 Februari. Aliyezaliwa 29 Februari 2008 hakuwa na siku yake mwaka 2026, kwa sababu Februari ya mwaka huo ilikuwa na siku 28. Nchini Uingereza huhesabiwa kuwa ametimiza tarehe 1 Machi. Ukilinganisha tarehe utapata hivyohivyo bila kuijua kanuni: tarehe 28 Februari 2026 kibao kinasema 28 Februari 2008, na 29 iko mbele yake, hauziwi, kesho yake kibao kinasema 1 Machi 2008, na 29 Februari iko nyuma, anauziwa.

Lakini kabla ya kitambulisho kuna uso, na uso una kazi moja tu: kukwambia umwombe mtu kitambulisho au usimwombe. Haukwambii umuuzie. Maduka mengi ya Uingereza hufuata utaratibu uitwao Chalenji 25: yeyote anayeonekana ana chini ya miaka 25 anaombwa kitambulisho, ingawa sheria inataka 18 tu. Uskoti utaratibu huo ni wa lazima kisheria kwa pombe tangu Oktoba 2011. Wateja wapya hunung’unika na kudhani umri wa kununua umepandishwa. Haujapandishwa. Ile miaka saba ya katikati ni nafasi ya kukosea. Jicho la mtu halitenganishi miaka 17 na 19. Ndevu, vipodozi, urefu, kofia, vyote hulidanganya. Kutenganisha miaka 17 na 26 ni rahisi zaidi. Kwa hiyo muuzaji hatakiwi kujua nani ana 18, kazi ambayo hakuna mwanadamu anayeiweza kwa kutazama. Anaulizwa tu kama ana hakika kwamba huyu amepita 25, na asipokuwa na hakika, anaomba.

Kuna kitambulisho na kitambulisho. Masharti ya leseni ya pombe ya England na Wales yanataka kiwe na picha, tarehe ya kuzaliwa, na alama ya usalama: ama hologramu inayobadilika rangi ukiipindua, ama alama inayoonekana chini ya taa ya urujuanimno. Kwa kawaida hilo humaanisha pasipoti, leseni ya udereva, au kadi ya kuthibitisha umri yenye nembo ya hologramu ya PASS. Kadi ya chuo haitoshi, hata ikiwa na picha nzuri, wala picha ya leseni iliyohifadhiwa kwenye simu.

Wageni kutoka kwetu hunaswa na jambo moja hapa. Nchini Kenya kitambulisho cha taifa hupewa mtu aliyetimiza miaka 18, kwa hiyo kadi yenyewe, ikiwa ni halali na ni ya mwenyewe, tayari ni jibu. Muuzaji wa Nairobi anayesema “leta kitambulisho” anauliza kama ipo. Uingereza haiko hivyo. Kijana anaweza kuomba leseni ya udereva ya mwanafunzi, ile ya rangi ya kijani, akiwa na miaka 15 na miezi tisa. Leseni halali kabisa iliyotolewa na serikali inaweza kuwa mkononi mwa mtoto wa sekondari. Nilifanya kazi na dada mmoja aliyekuwa na mazoea ya nyumbani. Aliiona kadi, akaangalia picha, akafikia chupa. Mzee alimshika mkono kwa upole, akamwelekeza kwenye mstari wa tarehe. Mwenye kadi alikuwa na miaka 16, na hakuwa amesema uongo wowote. Alitoa alichoombwa.

Mzee alitutaka tuipokee kadi mkononi, si kuitazama ndani ya pochi au nyuma ya plastiki. Mkononi unahisi kingo, unajua kama uso wake ni laini mahali usipopaswa kuwa, unaipindua uone hologramu ikicheza. Kisha picha na uso, ukitazama vitu visivyobadilika kwa nywele wala miwani: masikio, umbo la pua, nafasi kati ya macho, kidevu. Tarehe ilikuja mwisho. Alikuwa na sababu: ukianza na tarehe na ukaona inafaa, moyo umekwisha kukubali, na picha utaitazama kwa kutafuta kufanana badala ya kutafuta tofauti.

Kadi zilizoghushiwa nzima nzima hazikuwa nyingi. Tulizoziona zaidi ni za aina mbili: kadi halali iliyoazimwa, na kadi halali iliyochezewa tarakimu.

Iliyochezewa ina adui ndani yake yenyewe, na hili ndilo jambo nililolipenda kuliko yote katika kazi ile. Leseni ya udereva ya Uingereza ina tarehe ya kuzaliwa katika mstari wa 3, na namba ya dereva katika mstari wa 5. Namba hiyo huanza na herufi tano za jina la ukoo. Jina likiwa fupi hujazwa kwa tarakimu 9. Zinazofuata ni tarakimu sita zenye tarehe ya kuzaliwa, lakini zimepangwa kwa namna yake: tarakimu ya tatu ya mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na mwisho tarakimu ya mwisho ya mwaka. Kwa mwanamke, tarakimu ya kwanza ya mwezi huongezwa 5.

Tuseme kijana wa ukoo wa Juma amezaliwa 23 Agosti 2007. Mstari wa 3 utasema 23.08.2007, na namba yake itaanza hivi:

```
JUMA9 008237
```

Sifuri ya kwanza ni ya mwaka wa 2007, 08 ni Agosti, 23 ni siku, na 7 inakamilisha mwaka. Dada yake pacha angekuwa na JUMA9 058237, kwa kuwa 0 ya mwezi imeongezwa 5. Sasa kijana huyu anachukua kalamu nyembamba au sindano, anaibadilisha 7 ya mstari wa 3 iwe 1, na kadi inasomeka 23.08.2001. Kwa muuzaji anayesoma mstari mmoja tu, mtu huyu ni mtu mzima wa kutosha. Lakini zile tarakimu sita zilizo chini bado zinaishia na 7. Alilibadilisha lile analojua kuwa ni tarehe, akaliacha lile asilojua kuwa ni tarehe vilevile. Tulipopata mashaka na kadi, tulisoma mistari yote miwili. Ikipingana, kadi ilirudishwa kwa mwenyewe na chupa ikarudi rafuni.

Wasomaji wa Tanzania wana kitu cha namna hiyo, tena rahisi zaidi kukisoma. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Aliyezaliwa 23 Agosti 2007, namba yake inaanza na 20070823. Mwenye grosari wa Mwanza au Mbagala anaweza kulinganisha tarakimu hizo na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi bila chombo chochote. Tena tarehe ikiandikwa kwa mpangilio huo unaoanza na mwaka, kulinganisha ni kuona tu namba ipi ndogo. Ikiwa leo ni tarehe 10 Juni 2025, andika 20070610 kwenye kipande cha karatasi. Namba ya mteja ikianza na tarakimu nane zilizo kubwa kuliko hizo, hajafika. Huyu wa 20070823 hajafika.

Kadi ya kuazimwa ni ngumu zaidi, kwa sababu hakuna kitu cha uongo juu yake. Ni ya kaka au dada mkubwa, na wamefanana kweli. Hapo uliza maswali, lakini usiulize tarehe ya kuzaliwa, maana hiyo ndiyo aliyoikariri njia nzima. Muulize anwani iliyo kwenye leseni pamoja na msimbo wa posta, au jina la kati linaandikwaje. Mwenye kadi hujibu akikutazama usoni. Aliyeazima husita, au hugeuka kumtazama rafiki yake. Hilo si ushahidi wa mahakamani, nami sikuwahi kumwita mtu mwongo kwa sababu hiyo. Ni sababu ya kutosha ya kutouza, na muuzaji hahitaji sababu kubwa kuliko hiyo.

Kuna pia tarehe zinazosomeka kwa njia mbili bila mtu yeyote kudanganya. Wamarekani huandika mwezi kwanza. Leseni ya Marekani iliyoandikwa 04/09/2005 ni ya mtu aliyezaliwa 9 Aprili. Sisi na Waingereza tungesoma 4 Septemba. Mwanafunzi mmoja alikuja nayo mwezi Juni 2023, na kwa usomaji wetu alikuwa na miaka 17, kwa usomaji wa kwao alikuwa na 18. Angalau hapo kosa lingekuwa la kumnyima haki yake. Igeuze iwe 09/04/2005, na kosa linakuwa la kumuuzia mtoto. Mzee aliamua leseni za Marekani zisipokelewe, mteja alete pasipoti, kwa sababu pasipoti nyingi huandika mwezi kwa herufi. Kijana alikasirika, akaenda bwenini, akarudi na pasipoti, akauziwa bia zake.

Ukali huu wote una upande wake wa haki kwa muuzaji. Sheria ya Leseni ya mwaka 2003 haimtaki awe mtaalamu wa kughushi. Aliyeuza pombe kwa mtu wa chini ya miaka 18 anaweza kujitetea akionyesha kwamba aliamini mnunuzi ametimiza umri, na kwamba alimwomba ushahidi ambao ungemridhisha mtu yeyote mwenye busara. Ukiomba kadi, ukaisoma, ikawa imeghushiwa kwa ustadi mkubwa, umefanya wajibu wako. Usipoomba kabisa, kusema “alionekana mkubwa” ni utetezi dhaifu sana. Faini ya pombe haina kikomo kilichowekwa. Ya sigara inaweza kufika pauni 2,500. Na duka likiuzia watoto pombe mara mbili ndani ya miezi mitatu, mwenye leseni hushtakiwa kwa kosa zito zaidi. Maafisa wa biashara wa halmashauri hutuma vijana wa kweli wenye umri mdogo kujaribu kununua, na sheria inawaruhusu vijana hao. Ndiyo sababu tulikuwa na daftari la waliokataliwa: saa, bidhaa, sura kwa maneno machache, sahihi ya muuzaji. Afisa akija, daftari lenye kurasa zilizojaa ndilo linaloonyesha kwamba kibao hakikuwa pambo.

Lililonitesa zaidi halikuwa la kadi hata kidogo. Lilikuwa la watu wetu wenyewe. Siku moja mtoto wa familia ya Kitanzania ninayoijua aliingia, wa miaka 12 hivi, akanisalimia shikamoo vizuri kabisa, akaweka noti kwenye kaunta: baba kamtuma pakiti ya sigara na bia mbili. Nyumbani Tanga nilitumwa hivyo na wajomba, na hakuna aliyeona vibaya. Nilimrudisha na salamu. Baba yake alikuja mwenyewe amechukia, akaniambia, “Kaka, wewe mtoto wangu unamjua, na mimi unanijua.” Nilimweleza kwamba kumjua hakubadilishi umri wa anayenyoosha mkono kwenye kaunta, na kwamba kwa pombe, sheria ya huku humtia hatiani hata yule aliyemtuma mtoto. Alinyamaza, akanunua, akaondoka. Hakumtuma tena.

Tusidhani jambo hili ni la Ulaya peke yake. Kenya ina Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 na ile ya Tumbaku ya mwaka 2007, na zote zinaweka mpaka kwenye miaka 18. Tanzania ina Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayomhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Mpaka ni uleule wa Leicester. Kinachokosekana kwenye maduka yetu mengi ni mtu wa kuitazama tarehe.

Kwa hiyo, ndugu mwenye duka, kesho kabla hujafungua, chukua kipande cha boksi, andika tarehe ya leo ukiwa umepunguza mwaka kwa 18, ukibandike upande wako wa kaunta. Nawe mzazi, sigara yako kainunue mwenyewe.